Boti maili 10 kwa saa, mashua maili 5: kwa nini sehemu zote za kukutana zinachora duara?

MchuuziWaBahari
Wakuu habari za saa hizi. Mimi niko Tanga, kazi yangu ni kununua samaki baharini kabla hawajafika soko la Deep Sea. Tunatoka na boti ya faiba, barafu iko ndani, tunawafuata wenye mashua huko huko nje, tunapatana bei, tunapakia, wao wanaendelea na safari yao. Sasa shida yangu ni petroli. Nahodha wangu akiiona mashua kwa mbali anaielekezea omo, yaani pua ya boti, moja kwa moja, mashua ikisogea na yeye anageuza, ikisogea tena anageuza, mwisho tunaikuta kwa nyuma kama mbwa anayemkimbiza kuku. Mimi naona tunazunguka bure ila nikisema naambiwa "we bosi kaa na mizani yako".

Juzi nikamweleza mtoto wa dada yangu, yuko fomu siksi. Akaniuliza vitu vitatu tu, mashua iko umbali gani, sisi tunaenda spidi gani, wao wanaenda spidi gani. Nikamwambia tuseme iko maili 6 mashariki yetu, sisi maili 10 kwa saa, wao maili 5 (maili za baharini zote). Dogo akachora duara kwenye karatasi akasema "mjomba, wakienda upande wowote ule bila kukunja, na nyie mkienda moja kwa moja, mtakutana juu ya huu mstari". Halafu duara lenyewe halijaizunguka boti yetu, na kitovu chake hakipo kwenye mashua, kipo maili 2 nyuma ya mashua baharini hakuna kitu. Nikamuuliza kwa nini duara, akasema ndio fomula. Hilo sio jibu jamani. Kwa nini duara na sio yai, au mstari tu? Na je hii kitu inafaa baharini au ni ya mtihani?

seremala_chumbageni
Mkuu hiyo nyepesi sana, mimi nachora kila siku. Chukua misumari miwili, mmoja ndio boti mwingine ndio mashua, funga kamba imelegea kidogo, ingiza penseli, zungusha. Lakini itatoka duara la kuvutika, sio duara lenyewe, kwa hiyo huyo dogo wako kakosea. Meza zangu zote za mviringo mrefu nachora hivyo.

kipanga77
Hapana seremala, duara ni sawa ila kitovu ndio kimekosewa. Mashua ikitoka pale ilipo ikienda upande wowote kwa spidi ile ile, baada ya muda fulani itakuwa juu ya duara ambalo katikati yake ni pale ilipoanzia. Hilo mbona liko wazi? Kitovu ni mashua. Mwambie dogo arudie.

MchuuziWaBahari
Kipanga na mimi niliwaza hivyo hivyo. Ila angalia: mashua ikija kwetu uso kwa uso tunakutana sisi tumeenda maili 4, wao 2. Ikitukimbia kuelekea mashariki tunaikamata sisi tumeenda maili 12, wao 6. Sasa upande mmoja ni maili 2 kutoka mashua na upande mwingine ni maili 6. Kitovu kitakuwaje mashua?

kipanga77
Duh. Hapo kweli. Ngoja nifikirie.

ticha_wa_jioni
Salaam wote. Nafundisha hesabu jioni hapa mjini, nimeuona uzi nikashindwa kupita.

Seremala, kamba yako inashika kitu kingine. Kamba haiongezeki wala haipungui, kwa hiyo umbali wa penseli mpaka msumari huu UKIJUMLISHA na umbali mpaka msumari ule unabaki ule ule, na hapo ndipo linapotoka yai lako. Swali la mchuuzi halina kujumlisha. Boti ni mara mbili ya mashua kwa spidi, kwa hiyo wakikutana kwa wakati mmoja boti imeenda mara mbili ya ilivyoenda mashua. Kinachobaki vile vile ni kugawanya, umbali toka boti gawa kwa umbali toka mashua ni 2 siku zote. Misumari ni ile ile lakini sharti ni jingine.

Kipanga, wewe umeshika nusu, na hiyo nusu ni nzuri kuliko unavyodhani, usiitupe. Chukua bikari. Weka A ni boti, B ni mashua, umbali 6. Baada ya dakika 24 mashua iko popote kwenye duara la maili 2 kuzunguka B, na boti inaweza kuwa popote kwenye duara la maili 4 kuzunguka A. Chora yote mawili, yanagusana pointi moja tu, kwenye mstari wa AB, maili 4 toka A. Sasa ongeza muda kidogo, mashua 3 na boti 6. Yanakatana pointi mbili, moja juu moja chini. Weka nukta. Mashua 4, boti 8, nukta mbili nyingine. Endelea hivyo mpaka mashua 6 na boti 12, hapo duara dogo linaligusa kubwa kwa ndani, pointi moja tena, ng'ambo ya B. Ukizidisha hapo hayakatani tena kabisa, dogo limemezwa. Unganisha nukta zako. Duara la yule dogo wa fomu siksi ni njia ya zile nukta, sio mojawapo ya yale maduara uliyochora kwa bikari.

kipanga77
Nimechora mwalimu, nimetumia kifuniko cha ndoo na sahani kwanza ikawa fujo, nikaenda kuchukua bikari ya mwanangu. Kweli linatoka duara na limekaa upande wa mashua. Nimepima, kitovu maili 8 kutoka A na nusu kipenyo 4. Lakini hapo nimeona tu, sijaelewa. Nukta kumi zikikaa kama duara sio ushahidi kwamba zote zitakaa.

mpita_njia_tu
Mimi hesabu tuliachana fomu tuu kwa amani, ila nauliza, samaki bei gani sasa hivi hapo Deep Sea?

MchuuziWaBahari
@mpita_njia_tu njoo asubuhi mkuu, bei inabadilika na upepo.

ticha_wa_jioni
Kipanga ana haki, kuona sio kuthibitisha. Kuna njia mbili, moja ya ki-x na y ambayo ndiyo dogo aliifanya, nyingine ya michoro ambayo inajibu lile "kwa nini". Naanza na ya pili.

Chukua sehemu yoyote ya kukutana, iite P. Una pembetatu, A, B na P. Sasa igawe ile pembe iliyo pale P nusu kwa nusu, ule mstari wa kugawa uushushe mpaka ukate AB. Utakata wapi? Kuna kanuni ya zamani sana: mstari unaogawa pembe sawasawa unaikata AB kwa uwiano ule ule wa PA kwa PB. Uwiano wetu ni 2 kwa 1 popote P ilipo. Kwa hiyo unakata pale pale siku zote, maili 4 toka A na 2 toka B, iite C. Hiyo ndio sehemu ya uso kwa uso aliyoitaja mchuuzi.

Sasa pale P kuna pembe nyingine, ya nje, unaipata ukiurefusha mstari wa AP upite P. Igawe na yenyewe nusu kwa nusu. Mstari wake unaikata AB iliyorefushwa kwa uwiano ule ule 2 kwa 1, lakini kwa nje, maili 12 toka A na 6 toka B. Iite D. Na hiyo nayo haihami.

Haya, pembe ya ndani na ya nje zikiwekwa pamoja zinafanya mstari ulionyooka, nyuzi 180. Nusu ya moja na nusu ya nyingine ni nyuzi 90. Maana yake ukisimama P popote ukatazama C kisha ukageuka kutazama D, umegeuka nyuzi 90 kamili. Na pointi zote zinazoiona CD kwa nyuzi 90 ziko wapi? Kwenye duara ambalo CD ndio kipenyo chake, hilo kila aliyefika fomu foo analijua hata kama kalisahau. C iko 4, D iko 12, kipenyo 8, nusu yake 4, kitovu kiko 8 kutoka A. Ndio ile maili 2 nyuma ya mashua.

kipanga77
Aisee. Sasa hapo nimekuelewa. Kwamba kumbe C na D hazitembei, P ndio inatembea, na ile kona inabaki 90.

sina_kalamu
Mimi nimefanya kwa x na y lakini jibu langu halifanani na la dogo. Nimeweka A kwenye 0, B kwenye 6, nikaandika umbali mraba toka A ni mara 2 ya umbali mraba toka B, nikapata duara lenye kitovu 12 na nusu kipenyo kama 8.5. Nani kakosea, mimi au vitabu?

ticha_wa_jioni
Wewe ndugu yangu, na uko na wenzako wengi, hilo ni kosa ninalolisahihisha kila mwaka. Umeweka umbali kwenye kipeo cha pili lakini ile 2 ukaiacha kama ilivyo. PA = 2PB, ukipiga mraba pande zote inakuwa 4:

```
x² + y² = 4[(x − 6)² + y²]
x² + y² − 16x + 48 = 0
(x − 8)² + y² = 16
```

Na kulitambua huhitaji mwalimu. Kila ukimaliza hesabu ya namna hii, rudi kwenye mstari wa AB uangalie duara lako linakata wapi. La kwako linakata 12 toa 8.5, yaani maili 3.5 toka A, ambayo ni 2.5 toka B. 3.5 gawa 2.5 sio 2. Basi hapo hapo ujue umechora duara la boti nyingine, ambayo spidi yake ni mara 1.4 ya mashua.

MchuuziWaBahari
Mwalimu nashukuru sana, umeniweka vizuri. Sasa turudi kwenye petroli yangu. Mashua nyingi ninazozifuata zinarudi kwao upande wa Moa, yaani zinashika kaskazini. Chukulia ile ile, iko maili 6 mashariki yetu, inaenda kaskazini moja kwa moja maili 5 kwa saa. Nahodha afanye nini?

ticha_wa_jioni
Chora mstari kutoka B kwenda kaskazini mpaka ukate duara. Basi, hapo ndipo mtakapokutana. Kwa namba, x ni 6, kwa hiyo (6 − 8)² + y² = 16, y² ni 12, y ni maili 3.46. Mashua itaenda 3.46, nyie mtaenda 6.93, mara mbili, sawa kabisa. Muda ni dakika 42 hivi. Na omo yenu isielekee mashua, ielekee nyuzi 30 kaskazini ya mashariki, kwenye dira ni 060, mkae nayo hivyo hivyo mpaka mwisho.

Sasa linganisha na mtindo wa nahodha wako wa kuelekeza omo kwenye mashua kila dakika. Ile njia inapinda, na kwa mashua inayokatiza mbele yako kwa nyuzi 90 muda wake ni umbali mara spidi ya boti, gawa kwa mraba wa spidi ya boti toa mraba wa spidi ya mashua. 6 × 10 ni 60, 100 toa 25 ni 75, 60 gawa 75 ni 0.8 ya saa, dakika 48. Boti inakuwa imetembea maili 8 badala ya 6.93. Kila mashua moja unatupa maili moja na kidogo.

MchuuziWaBahari
Maili moja kwa kila mashua! Na kwa siku nafuata kadhaa. Hii meseji naipeleka kwa nahodha kesho.

baharia_mzee
Kijana usimpelekee karatasi nahodha wako atakucheka. Mimi nimeendesha vyombo toka hapa mpaka Lamu na Unguja kabla hizo GPS hazijaja. Hilo jambo tunalijua bila bikari. Ukitaka kukutana na chombo, kiweke kwenye sehemu moja ya chombo chako, labda kwenye nguzo ya tenti, kaa kitako usihame, shika usukani usigeuze. Kikibaki pale pale kwenye nguzo huku kinakua kikubwa, mtakutana. Kikisogea kuelekea omo kinakupita mbele, kikirudi nyuma kuelekea tezi wewe ndio unapita mbele yake. Unarekebisha kidogo kidogo mpaka kisimame. Usiku ndivyo tunavyojua chombo kinatujia kutugonga, taa haihami.

Na hilo duara lenu mimi nina neno nalo. Mashua ya tanga haiendi maili 5 kila upande. Kipindi cha kusi ikienda Moa inakimbia, ukiiambia irudi Pangani itabisha huku na huku, maili 5 yako inakuwa 2. Sasa duara litatoka wapi?

ticha_wa_jioni
Shikamoo mzee wangu. Kwanza hilo la nguzo ni kitu kile kile nilichosema, umenizidi kwa kulieleza tu. Nyuzi 060 za omo, mashua iko 090, kwa hiyo mchuuzi ataiona nyuzi 30 kulia kwa omo dakika ya kwanza, na dakika ya 20 ni hapo hapo nyuzi 30, na ya 40 hapo hapo. Baada ya nusu ya muda umbali wenu umebaki 3, ukichora duara upya linakuwa nusu ya lile la kwanza, lakini linapita sehemu ile ile ya kukutana.

La pili nakubaliana na wewe, kwa kiasi. Duara zima linahitaji mashua iwe na spidi moja kila upande, kwa chombo cha injini sawa, kwa chombo cha tanga hapana. Lakini mchuuzi haihitaji duara zima, anahitaji pointi moja, ile iliyo kwenye njia ambayo mashua inaifuata sasa hivi kwa spidi iliyonayo sasa hivi. Kwa hiyo kwa kusi, wa Moa ana duara lake, na wa Pangani ana uwiano wake mwingine na duara jingine. Anayebisha ndio balaa kwa sababu hanyooki, huyo msubiri ageuze kwanza ndio upige hesabu.

baharia_mzee
Marahaba mwanangu. Sasa umesema. Anayebisha mimi namwendea pale atakapogeuzia, simfuati.

binti_raskazone
Samahani naomba kuuliza, mimi kwangu ni kinyume. Baba ana ngalawa, inaenda maili 4 kwa saa kwa upepo mzuri. Kuna boti ya mizigo inapita inaenda maili 8, mara nyingine tunataka kumpa nahodha wake kifurushi. Sisi ndio wapole wao ndio wenye mbio. Hilo duara si linageuka? Na tunaweza kumkuta au tukae tu nyumbani?

kipanga77
Mwenye mbio humkuti dada, hesabu ni hiyo hiyo ila jibu hakuna.

ticha_wa_jioni
Kipanga usiwahi. Unamkuta ikiwa anakuja upande wako kiasi cha kutosha. Tuweke tena maili 6 kati yenu, ngalawa ni A, boti ni B. Sasa umbali toka ngalawa ni nusu ya umbali toka boti, kwa hiyo duara linamzunguka mpole, yaani nyie. Uso kwa uso ngalawa imeenda 2 na boti 4. Upande wa pili, boti ikiwapita nyie, ngalawa 6 na boti 12. Nusu kipenyo 4 tena, kitovu maili 2 nyuma yenu, maili 8 toka ilipo boti.

Ndani ya duara hilo nyie mnafika kwanza, nje yake boti inafika kwanza. Sasa chora njia ya boti. Ikikata duara, mnakutana. Isipokata, kaeni nyumbani kweli. Mpaka wake ni pale njia inapoligusa duara tu bila kuingia, na kutoka kwenye boti kitovu kiko 8 na nusu kipenyo ni 4, nne gawa nane ni nusu, pembe yake nyuzi 30. Kwa hiyo boti ikielekea ndani ya nyuzi 30 kushoto au kulia kwa mstari unaokuja kwenu, mnaipata, ikizidi hapo haiwezekani hata mpige kasia vipi. Na angalia, ikilikata duara inalikata mara mbili, pale inapoingia na pale inapotoka, katikati ya hapo yote mnaweza kuiwahi na kuisubiri. Nenda katikati ya hizo mbili uwe na nafasi ya kukosea.

binti_raskazone
Kumbe! Nyuzi 30 nitazipimaje nikiwa kwenye ngalawa?

baharia_mzee
Nyoosha mkono mbele, ngumi moja ni kama nyuzi 10. Lakini hizo nyuzi ni za kule kwenye boti sio kwako mwanangu, wewe hujui omo yake imelala vipi. Fanya ile ya nguzo. Ukielekeza ngalawa kila upande na bado inakimbilia mbele, basi njia yake iko nje ya duara la mwalimu.

sina_kalamu
Na spidi zikiwa sawa? Fomula yangu inanipa kugawa kwa sifuri.

ticha_wa_jioni
Hapo hakuna duara, ni mstari ulionyooka unaoikata AB katikati kwa nyuzi 90. Lakini hatari iko karibu na hapo, sio hapo penyewe. Nusu kipenyo kwa mchuuzi ni 10 × spidi ya mashua × 6, gawa 100 toa mraba wa spidi ya mashua. Mashua ikiwa na injini ikaenda 9, nusu kipenyo ni maili 28. Ikienda 9.5 ni 58. Yaani ukikosea kukadiria kwa nusu maili tu duara linakua mara mbili. Kwa chombo kinachokaribiana na wewe spidi usiamini karatasi, amini nguzo ya mzee.

msomaji_wa_kale
Nyongeza ndogo tu kwa wapenda historia. Duara hili limepewa jina la Apolonio wa Perga, mji ambao magofu yake yako Uturuki ya leo, karne ya 3 kabla ya Kristo kuelekea ya 2. Ila Aristotle alikuwa ameshalitumia kabla yake, kwenye maelezo yake ya upinde wa mvua, kwa hiyo jina limemkuta mtu wa pili. Na la kufukuzana baharini Rufus Isaacs aliliweka kwenye kitabu chake cha 1965 cha michezo ya kufukuzana, humo mwenye kukimbia anauliza swali la pili: ni sehemu zipi naweza kufika kabla hajanikamata? Jibu ni zile za ndani ya duara.

kipanga77
Kwa hiyo mashua ya mchuuzi ikiwa imekunywa advansi yake halafu haitaki kuuza, ikiwa na kisiwa ndani ya lile duara la maili 4 inajificha kabla hajafika 😂

MchuuziWaBahari
Kipanga usinifundishie wavuvi wangu ujinga.

Wakuu nimerudi. Nahodha nimemwonyesha nguzo, karatasi nimeiacha nyumbani kama mzee alivyosema. Akasema hiyo anaijua, anaitumia kuzikwepa meli kubwa, ila hakuwahi kufikiria kuitumia kukutana na mtu. Tumejaribu kwa mashua moja, tumefika ubavuni kwake badala ya tezini. Petroli sijapima sawasawa. Lakini kuna kitu kanibishia. Anasema mkondo ukiwa mkali wa kwenda kaskazini hesabu yote inaharibika, lazima uongeze nyuzi.

ticha_wa_jioni
Namheshimu ila hapo sikubali. Mkondo unawabeba wote wawili sawasawa. Fikiria maji yote pamoja na duara lenu juu yake yanasukumwa kaskazini, boti ndani, mashua ndani. Mtakutana sehemu ile ile ya maji, hata kama kwenye ramani ni mbele kidogo. Omo ni 060 ile ile, dakika 42 zile zile.

kipanga77
Mwalimu hapo na mimi nakukatalia. Hizo maili 10 na 5 zimetoka wapi? Kwenye GPS. Na GPS inasoma spidi juu ya ardhi, sio juu ya maji. Mashua inayoenda kaskazini na mkondo, GPS yake inasoma 5 lakini kwa maji labda ni 3.5. Boti inayokatiza inasoma kingine. Uwiano wako wa 2 ni wa ardhi au wa maji?

ticha_wa_jioni
Swali zuri. Ukitumia spidi za ardhini kwa wote wawili na zisibadilike, duara linachorwa kwenye ramani na pia liko sahihi. Tatizo boti ikigeuza omo spidi yake ya GPS inabadilika kwa sababu ya mkondo, kwa hiyo ile 10 uliyoisoma ukienda mashariki sio utakayoisoma kwa 060. Ndio maana nasema fanya yote kwa spidi za majini.

baharia_mzee
Na mashua nayo haishiki dira tu kama mnavyodhani. Nahodha wa Moa anatazama mlima au mnara nchi kavu, mkondo ukimsukuma anaurudisha. Wa boti hana anachotazama ila mashua. Hapo mmoja anapigana na mkondo mwingine hapigani. Sasa mwalimu, hilo duara lako linaelea au limefungwa nanga?

ticha_wa_jioni
Mzee, huyo wa Moa akirekebisha kwa mkondo wa kudumu omo yake inabaki upande mmoja tu, kwa maji bado anaenda mstari ulionyooka, kwa hiyo bado linaelea. Ila mkondo wa mlango wa ghuba na ule wa nje sio mmoja, na maji yakianza kukupwa boti na mashua ziko kwenye mikondo miwili tofauti. Hapo sina duara la kuwapa.

baharia_mzee
Hapo ndipo nahodha wa mchuuzi anapoongeza nyuzi. Anaongeza ngapi, muulizeni yeye.

MchuuziWaBahari
Nimemuuliza mzee. Kasema "inategemea".